Njaa, Hamu na Miiko ya Chakula: Kwa Nini Makatazo Makali Huishia katika Kula Kupita Kiasi

Utangulizi

Mgonjwa anayegundulika kuwa na kisukari cha aina ya pili aghalabu hutoka kliniki na vitu viwili: dawa, na orodha ya vyakula alivyokatazwa. Katika kata ya Kasingirima, Manispaa ya Kigoma Ujiji, orodha ya namna hiyo hugusa karibu kila kinachopikwa nyumbani. Ugali wa muhogo umo, wali umo, ndizi zimo, na mawese yanayoungiwa maharage na sombe nayo yamo. Mgonjwa huipokea kwa nia njema na kuifuata kwa siku kadhaa. Kisha usiku mmoja hula mara mbili au tatu ya kiasi alichokuwa akila kabla ya kukatazwa, na asubuhi huamka akiwa na majuto. Anaporudi kliniki na sukari ikaonekana ingali juu, huambiwa kuwa hana nidhamu, na mwenyewe huamini hivyo.

Makala hii inaeleza kwa nini tukio hilo ni matokeo yanayotarajiwa ya orodha yenyewe kuliko kuwa ushahidi wa udhaifu wa mgonjwa. Inaanza kwa kutofautisha njaa na hamu, inaendelea kuonyesha jinsi katazo kali linavyoziamsha zote mbili kwa pamoja, kisha inafuatilia mfano mmoja hatua kwa hatua. Mfano huo si wa mtu mmoja halisi. Umetungwa ili kuwawezesha wahudumu wa afya na wagonjwa kuona mambo yanavyofungamana.

Njaa na hamu

Njaa ni hitaji la mwili. Tumbo linapokuwa tupu hutoa homoni iitwayo grelini, iliyogunduliwa na watafiti wa Japani mwaka 1999. Homoni hii hupanda kabla ya mlo na kushuka baada ya kula. Jambo la kuzingatia ni kwamba hupanda kwa mazoea: mtu aliyezoea kula saa saba mchana hupata wimbi la njaa karibu na saa hiyo, na asipokula, wimbi hilo hupungua kwa muda kabla ya kurudi tena. Ndiyo maana mfungaji wa Ramadhani huweza kuhisi njaa kali adhuhuri, kisha akaiona imetulia alasiri ingawa hajatia kitu kinywani.

Dalili za njaa huja taratibu. Tumbo huhisi wazi na kunguruma, nguvu hupungua, mawazo hayatulii, na mtu huwa mwepesi wa hasira. Alama iliyo wazi zaidi ni kwamba mwenye njaa huridhika na chakula chochote kinacholiwa. Kiporo cha ugali na maharage ya jana humfaa.

Hamu ni kitu kingine. Huzaliwa na jicho, pua, kumbukumbu na mazingira. Harufu ya migebuka inayokaangwa barazani huweza kumjia mtu aliyekwisha kushiba, naye akahisi mate yakimjaa kinywani. Hamu huja ghafla, na hutaka kitu mahususi: andazi, chai yenye sukari nyingi, au kipande cha samaki chenye mafuta. Mwenye hamu ya andazi akipewa ugali wa jana huukataa. Hapo ndipo penye kipimo chepesi ambacho mtu yeyote aweza kujipimia nyumbani: “Je, ningekula chakula cha kawaida kilichomo chunguni sasa hivi?” Jibu likiwa ndiyo, yaelekea ni njaa. Jibu likiwa hapana, yaelekea ni hamu.

Hamu si ugonjwa wala dhambi. Kila mlo unaofurahisha una hamu ndani yake, na mgonjwa aliyepoteza hamu kabisa humtia daktari wasiwasi. Shida huanza mtu anaposhindwa kujua ni ipi kati ya mbili hizo inayosema, kwa kuwa dawa zake ni tofauti. Njaa hutulizwa na chakula pekee. Hamu huweza kutulizwa na kiasi kidogo cha kitu kinachotamaniwa, au ikapita yenyewe mtu akijishughulisha na jambo jingine kwa muda.

Shibe nayo ina mwendo wake. Tumbo linapotanuka na chakula kinapofika kwenye utumbo mwembamba, taarifa hupelekwa kwenye ubongo kwa njia ya neva na homoni. Safari hiyo huchukua takriban dakika 20. Anayekula kwa haraka kwa sababu ameshinda na njaa humaliza sinia kabla taarifa haijafika, na shibe humkuta tayari amepitiliza.

Kula kwa hisia

Kula kwa hisia ni kula ili kutuliza huzuni, hofu, hasira, upweke au uchovu, pasipo mwili kuhitaji chakula. Tabia hii haipo kwa watu wote. Wapo ambao wakifiwa au wakiudhiwa koo hufunga kabisa na hawawezi kumeza hata maji. Wapo wengine ambao mkono wao huenda chunguni wenyewe. Kwa hawa wa pili, chakula kitamu au chenye mafuta hupunguza uzito wa moyo kwa dakika chache. Nafuu hiyo ni ya kweli, na ndiyo inayowafanya wairudie. Hata hivyo haidumu, kwa kuwa jambo lililoleta hofu liko palepale, na sasa limeongezewa majuto.

Mazingira ya mwambao wa Ziwa Tanganyika yana hofu zake. Uvuvi wa dagaa na migebuka hufanyika usiku kwa taa, hasa katika siku za giza ambapo mwezi hauonekani. Mke wa mvuvi hukesha akisikiliza upepo. Siku za mbalamwezi mitumbwi hupumzika, na fedha nyumbani hupungua. Kipato kikikatika kwa muda mrefu zaidi, kama ilivyokuwa Tanzania ilipofunga shughuli za uvuvi ziwani humo kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, wasiwasi wa chakula huingia hata katika nyumba iliyozoea kuwa na kitoweo kila siku. Mtu aliyepitia vipindi vya uhaba huelekea kula sana kinapopatikana, kwa kuwa mwili na akili havina hakika ya kesho.

Kwa hiyo mhudumu anayeuliza kuhusu kula kwa hisia hana budi kuuliza pia kama chakula kilikuwapo. Yule aliyekula sana usiku kwa sababu mchana hapakuwa na kitu hahitaji ushauri wa kutuliza hisia. Anahitaji mlo wa mchana.

Jinsi katazo linavyozaa kula kupita kiasi

Katazo kali hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja, na zote zaelekea upande usiotakiwa.

Kazi ya kwanza ni ya mwili. Orodha ndefu ya makatazo humwacha mgonjwa na vyakula vichache, kwa hiyo hula kidogo mno au huruka milo. Grelini hupanda, na leptini, homoni inayotolewa na mafuta ya mwili ili kuujulisha ubongo kuwa akiba ipo, hushuka. Ubongo husoma hali hiyo kuwa ni ukame na kuanza kutafuta chakula kwa nguvu zote. Ushahidi maarufu wa jambo hili ulitoka Chuo Kikuu cha Minesota, Marekani, kati ya mwaka 1944 na 1945. Ancel Keys na wenzake waliwapunguzia chakula wanaume 36 wenye afya kwa majuma 24, hadi wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Wanaume hao, ambao hapo awali hawakuwa na shida yoyote ya ulaji, walianza kuota na kuzungumza juu ya chakula mchana kutwa, na baadhi walikusanya vitabu vya mapishi. Waliporuhusiwa kula tena, wengi walikula hadi tumbo likauma na bado wakasema wana njaa. Waswahili walilijua jambo hili kabla ya maabara, waliposema: mwenye njaa hana miiko.

Kazi ya pili ni ya akili. Katazo hugawanya vyakula katika mafungu mawili, halali na haramu, na hubadilisha swali ambalo mtu hujiuliza anapokula. Badala ya kuuliza, “Je, nimeshiba?” huuliza, “Je, nimevunja?” Mwaka 1975, watafiti Peter Herman na Deborah Mack waliwapa wanafunzi wa kike wa chuo kikuu maziwa matamu yaliyokorogwa, kisha wakawaletea malai wale kadiri wapendavyo, wakidhani kuwa wanapimwa uwezo wa kuonja. Wale wasiojinyima walifanya kama tumbo linavyotarajiwa kufanya: waliokwisha kunywa maziwa walikula malai kidogo. Wale waliozoea kujinyima walifanya kinyume. Waliokwisha kunywa maziwa walikula malai mengi kuliko wenzao wenye mazoea yaleyale ambao hawakunywa. Tafiti zilizofuata zilionyesha kuwa kilicholeta tofauti kilikuwa imani ya mlaji kwamba amekwisha kuvunja masharti, kuliko wingi wa nishati iliyomo katika kinywaji.

Fikra hiyo yaweza kuelezwa kwa maneno machache: siku imekwisha kuharibika, basi na iharibike yote, kesho nitaanza upya. Ahadi ya kesho huongeza moto, kwa kuwa mlaji huona usiku huo ndio nafasi ya mwisho ya kuonja kitu ambacho hatakiona tena. Asubuhi majuto humfanya aongeze katazo jipya juu ya yale ya awali. Mchana huwa mkavu zaidi, na usiku huwa mzito zaidi. Duara hujifunga.

Ni muhimu kutolipanua jambo hili kupita ushahidi wake. Programu za kupunguza uzito zinazosimamiwa na wataalamu, zenye milo ya saa maalumu na ufuatiliaji wa karibu, kwa kawaida haziongezi kula kupita kiasi. Kinacholeta madhara ni ukali usio na nafasi: kila kitu au hakuna kitu, milo inayorukwa, na mtu kuachwa peke yake na orodha. Mpaka wenye kipimo, kama vile “ugali wa ukubwa wa ngumi, mara mbili kwa siku”, humwachia mtu njia ya kurudi anapokosea. Katazo la “usile ugali” halina njia hiyo. Tonge la kwanza ni uvunjaji, na la kumi ni uvunjaji uleule.

Mfano: muuza dagaa wa Kasingirima

Achukuliwe mama wa miaka 52, muuza dagaa, mke wa mvuvi, mkazi wa Kasingirima. Ana kisukari cha aina ya pili kwa miaka mitatu. Anatumia metformini mara mbili kwa siku na glibenklamidi kila asubuhi. Aliambiwa aache ugali, wali, ndizi, viazi, mawese na kila kitu kitamu. Sukari yake ya asubuhi kabla ya kula hubaki juu, isipokuwa siku za kliniki, ambapo huonekana karibu na kawaida. Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu hakikubaliani na hali hiyo njema ya siku ya kliniki. Tofauti hiyo ndiyo dalili ya kwanza ambayo mhudumu hapaswi kuipuuza: yaonyesha kuwa mgonjwa hujinyima kwa siku moja au mbili kabla ya kupimwa.

Namna ya kuuliza huamua kama ukweli utasemwa. Muuguzi kijana aliyeketi na mama huyu aweza kuanza hivi:

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Mama, leo sitakuuliza umeacha nini. Nieleze tu jana ilivyokwenda, tangu ulipoamka hadi ulipolala. Ulikula nini na saa ngapi?”

“Asubuhi chai kavu. Mchana sikula, nilikuwa sokoni. Usiku… usiku nilikula, mwanangu, nisikudanganye.”

“Kabla hujaanza kula usiku, tumbo lilikuwa linasemaje?”

“Lilikuwa linauma kwa njaa. Mikono inatetemeka.”

Swali la kuacha lingeleta jibu la kujitetea. Swali la saa na tumbo limeleta mambo matatu: mlo wa mchana haupo, njaa ya usiku ni kali, na mikono hutetemeka. Hili la tatu litarudiwa katika sehemu inayofuata.

Hatua ya pili ni kumwomba aandike, au mwanawe amwandikie, kumbukumbu ya siku nne. Mistari minne yatosha kwa kila mlo: saa, alichokula, njaa aliyokuwa nayo kwa kipimo cha 0 hadi 10, na kilichokuwa moyoni. Katika kipimo hicho 0 ni kutokuwa na njaa kabisa, na 10 ni njaa isiyovumilika. Sukari na uzito haviandikwi humo, ili daftari lisigeuke kuwa hakimu.

Kumbukumbu ya mama huyu yaonyesha kwamba baada ya chai kavu ya saa kumi na mbili asubuhi hali chakula cha maana hadi saa mbili usiku. Hayo ni masaa 14. Saa hiyo ndipo anapowapikia watoto. Huonja mboga, kisha hukata tonge moja “la kuonja”, na kutoka hapo hula ugali mwingi kwa migebuka akiwa amesimama. Njaa ameiandika 9. Lakini katika siku mbili kati ya nne kuna mstari mwingine, wa saa sita usiku. Hapo amekula maandazi matatu yaliyowekwa kwa ajili ya asubuhi. Njaa ameiandika 2. Moyoni ameandika: upepo umeanza, baba hajarudi.

Hivyo kile ambacho mama alikiita “ulafi wa usiku” ni mambo mawili tofauti. Kula kwa saa mbili ni njaa tupu iliyotengenezwa na mchana mkavu. Kula kwa saa sita ni hofu ya ziwa, nako hutokea katika siku za giza tu, mumewe anapokuwa majini. Dawa moja haiwezi kutibu yote mawili.

Kwa kula kwa saa mbili, tiba ni kurudisha mchana. Mpango unaomfaa hauna chakula kigeni hata kimoja. Saa moja asubuhi, chai bila sukari pamoja na kiazi kitamu cha kuchemsha cha ukubwa wa ngumi na dagaa au yai. Saa saba mchana, ugali wa ukubwa wa ngumi yake, dagaa au maharage, na mboga za majani zinazojaza nusu ya sahani. Saa kumi na moja jioni, karanga za kukaanga zinazojaa kiganja, au tunda moja. Saa mbili usiku, mlo kama wa mchana. Mawese hayaachwi, hupimwa kwa kijiko kikubwa kimoja kwa kila mlaji wakati wa kuunga. Nafasi kati ya mlo na mlo haizidi masaa sita wakati akiwa macho.

Sinia nalo lahitaji kufikiriwa. Watu watano wanapokula pamoja, hakuna anayejua amekula kiasi gani, na mwenye aibu ya kukatazwa huharakisha ili asionekane. Mama aweza kujitengea ugali wake upande mmoja wa sinia kabla mikono haijaingia. Ataendelea kukaa na wanawe, na kipimo chake kitabaki machoni pake.

Kwa kula kwa saa sita, kukataza maandazi hakusaidii, kwa kuwa hofu itatafuta kitu kingine. Inafaa mama aamue mchana, akiwa ametulia, atafanya nini usiku upepo ukianza. Aweza kumwamsha dada yake anayelala chumba cha pili, kumpigia jirani ambaye mumewe yuko katika mtumbwi uleule, kusali, au kuchambua dagaa za kuuza kesho. Iwapo bado anataka andazi, na ale moja, ameketi, kwenye sahani, huku mengine yakiwa yamefunikwa. Andazi moja lililoruhusiwa ni dogo kuliko matatu yaliyoibwa.

Mabadiliko hayaji kwa pamoja. Njaa ya saa mbili ndiyo hupungua kwanza, aghalabu katika majuma machache, kwa kuwa inategemea saa za milo. Katika siku za mwanzo mgonjwa huhisi anakula mno na kuogopa kuwa sukari itapanda. Aelezwe mapema ili asiuache mpango. Kula kwa saa sita huchelewa, na kutarudi siku za dhoruba. Dalili ya maendeleo ni kwamba asubuhi inayofuata anakunywa chai na kula kiazi chake kama kawaida, bila kujiadhibu kwa kushinda na njaa.

Njaa ambayo si njaa wala hamu

Kutetemeka kwa mikono kulikotajwa na mama huyu hakupaswi kupita bila kuchunguzwa. Glibenklamidi hulisukuma kongosho kutoa insulini hata kama mtu hajala. Anayeimeza asubuhi na kushinda bila chakula yumo katika hatari ya sukari kushuka. Dalili zake ni njaa ya ghafla, kutetemeka, jasho baridi, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa, na mwisho kuzirai. Hali kadhalika kwa anayejidunga insulini. Mgonjwa wa aina hii akihisi njaa ya ghafla asiambiwe avumilie wala asijiulize kama ni hisia. Apime sukari mara moja ikiwa ana kipimo. Ikiwa chini ya milimoli 3.9 kwa lita, au ikiwa hana kipimo na dalili zipo, atumie gramu 15 za sukari, yaani takriban vijiko vitatu vya chai vilivyokorogwa katika maji, asubiri dakika 15, apime tena na kurudia ikiwa bado iko chini, kisha ale mlo. Aliyepoteza fahamu asitiwe kitu kinywani. Apelekwe kituoni haraka. Sukari iliyoshushwa na glibenklamidi huweza kushuka tena baada ya kupanda, hivyo mgonjwa huhitaji kuangaliwa kwa masaa kadhaa.

Hapa ndipo duara la makatazo linapokuwa la hatari zaidi. Mgonjwa hujinyima mchana, hula sana usiku, na asubuhi sukari huonekana juu. Mtabibu asiyejua habari za usiku huongeza dawa. Dawa iliyoongezwa hukutana na tumbo lilelile tupu la mchana, na sukari hushuka zaidi. Sukari ikishuka, mwili hudai chakula kwa nguvu isiyoweza kuzuiwa na azimio lolote, na mgonjwa hula kupita kiasi kuliko jana. Kwa hiyo kabla ya kuongeza dawa kwa mgonjwa ambaye sukari yake ya asubuhi ni ya juu, inafaa kuuliza mambo mawili: mlo wa mwisho wa jana ulikuwa saa ngapi na kiasi gani, na je, kulikuwa na mlo wa mchana? Kadhalika mpango wa milo unapobadilishwa, dawa zipitiwe upya na mtabibu siku hiyohiyo. Mgonjwa asipunguze wala kuacha dawa kwa hiari yake.

Mipaka ya maelezo haya

Yapo makatazo ambayo lazima yabaki. Mwenye mzio wa samaki hana kipimo salama cha samaki. Soda na vinywaji vingine vya sukari havina sababu ya kuwa vya kila siku kwa mwenye kisukari, ila kama dawa ya sukari iliyoshuka. Mwenye shinikizo la damu hunufaika kwa kupunguza chumvi, na wauzaji wa samaki waliokaushwa kwa chumvi wanajua ni kiasi gani kimo. Mgonjwa wa figo hufuata maelekezo ya pekee. Hata hivyo, katazo moja au mawili yenye sababu iliyoelezwa hubebeka. Ishirini yasiyoelezwa hayabebeki.

Saumu ya Ramadhani nayo isichanganywe na kujinyima kunakozungumziwa hapa. Saumu ina mwanzo na mwisho unaojulikana, hufanywa na jamii kwa pamoja, na chakula cha futari hakina haramu ya kitabibu itokanayo na saumu yenyewe. Shauri kwa mwenye kisukari ni kuonana na mtabibu kabla ya mwezi kuingia ili saa na vipimo vya dawa vipangwe, na kufungua mara moja sukari ikishuka.

Mwisho, kuna kula kupita kiasi ambako kumevuka uwezo wa kliniki ya kawaida. Mtu anayekula kiasi kikubwa mno huku akihisi hawezi kujizuia, angalau mara moja kwa juma kwa miezi mitatu, na akateseka moyoni kwa sababu hiyo, huenda ana ugonjwa wa ulaji. Ikiwa hujitapisha, hutumia dawa za kuharisha, au hupunguza insulini ili apungue uzito, hali ni ya hatari zaidi. Wagonjwa hawa wapewe rufaa kwa huduma ya afya ya akili. Kwa wakazi wa Kigoma Ujiji, mahali pa kuanzia ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni. Orodha nyingine ya makatazo haitawasaidia.

Kwa wagonjwa wengine wote, karatasi inayotolewa kliniki yaweza kubadilishwa bila gharama. Juu yake, mahali palipokuwa pameandikwa “Usile”, paandikwe saa nne za kula. Chini yake paandikwe vyakula vinavyopatikana nyumbani kwa mgonjwa, kila kimoja na kipimo chake kwa ngumi, kiganja au kijiko. Na mgonjwa anaporudi, swali la kwanza liwe: “Jana mchana ulikula nini?”